Usikariri mbio za fidla, kumbuka okestra inarudi vipi

Unatafuta konseto ya fidla na unachokumbuka ni pale mpiga fidla anapobaki peke yake akionyesha ufundi? Sikiliza mwisho wa kipande hicho. Kama upinde unarukaruka juu ya nyuzi zote nne bila kukoma, na okestra inaingia kimyakimya na wimbo mkuu juu yake, hiyo ni Mendelssohn (1844), sehemu ya kwanza. Kama fidla inatetemesha noti mbili jirani kisha filimbi ikaupokea wimbo, ni Chaikovski (1878), pia sehemu ya kwanza. Vipande vyote viwili viko katikati ya sehemu hiyo, si mwishoni. Kwa Mozart mbinu hii haifai sana, maana kila mpigaji huchagua madoido yake.