Kwa nini XL ya Guangzhou inakubana, na namna ya kuagiza saizi itakayokukaa

Mteja akiniambia "mimi navaa L", swali langu la kwanza huwa ni L ya wapi. Wengi wetu tumezoea herufi hizi kwenye mitumba, na sehemu kubwa ya mitumba hutoka Ulaya na Marekani. Kwa hiyo L iliyo kichwani mwetu ni ya Mmarekani. Ukiipeleka L hiyo kwa muuzaji wa Guangzhou, yeye anakutolea L ya Mchina, na gauni likifika zipu inagoma njiani.

Hapo hakuna aliyekudanganya. S, M na L hazina kipimo kimoja kinachozifunga nchi zote. Kila soko linaanzia kwa mwili wa watu wake. Viwango vya mavazi vya China vinachukua mwanamume wa urefu wa sentimita 170 na kifua 88 kuwa ndiye wa kati, yaani M. Mwanamke wa kati ana urefu wa 160 na kifua 84. Kutoka hapo kila saizi hupanda urefu kwa sentimita 5 na kifua kwa 4. Hesabu ya wanaume basi inatoa L ya kifua 92 na XL ya kifua 96. Marekani, M ya mwanamume kwa kawaida ni kifua cha inchi 38 hadi 40, yaani kama sentimita 97 hadi 102. Ndiyo maana XL ya China haifiki hata M uliyoizoea.

Si kila nguo ya China iko hivyo. Kiwanda kinachoshonea maduka ya Ulaya hufuata vipimo vya Ulaya. Nguo zinazobana ni zile zilizoshonwa kwa soko la ndani, na hizo ndizo zimejaa kwenye masoko ya mtandaoni ya China kama 1688 na Taobao.

Hatua ya 1: Soma namba, achana na herufi

Kwenye lebo ya ndani tafuta maandishi kama haya:

```
165/88A
```

165 ni urefu wa mvaaji na 88 ni kifua chake. Kwa suruali na sketi, namba ya pili ni kiuno. Hivi ni vipimo vya mwili, si vya nguo yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Herufi ya mwisho inaeleza kiuno kimepungua kiasi gani kuliko kifua: kwa wanawake, A ni tofauti ya sentimita 14 hadi 18, Y ni mwenye kiuno chembamba zaidi, B na C ni wenye kiuno kinachokaribia kifua. Nguo nyingi utakazokutana nazo ni A.

Lebo haisemi lolote kuhusu hipsi. Ila mwanamke wa 160/84A kwenye viwango hivyo ana kiuno 68 na hipsi 90, maana yake hipsi zimezidi kifua kwa sentimita 6 tu, na pengo hilo haliongezeki saizi zinapopanda. Wateja wangu wengi wana pengo la 10 na kuendelea. Kwa hiyo shida mara nyingi si udogo wa nguo nzima, ni umbo lililokatiwa.

Hatua ya 2: Pima mwili

Tumia tepu ya fundi, upande wa sentimita. Kifua kipimwe pale kilipojaa zaidi, mteja akiwa amevaa sidiria atakayovalia nguo hiyo. Kiuno ni pale pembamba. Hipsi ni pale makalio yalipojaa, si kwenye mfupa wa juu, na miguu iwe imekaribiana. Mabega pima kutoka ncha hadi ncha kwa nyuma. Usikubali vipimo vya "mwaka jana nilikuwa".

Hatua ya 3: Soma jedwali la muuzaji

Maneno ya kuyatambua ni 胸围 (kifua), 腰围 (kiuno), 臀围 (hipsi), 肩宽 (mabega) na 衣长 (urefu wa nguo). Jedwali hili kwa kawaida ni vipimo vya nguo yenyewe. Ukiona kifua cha 48 au 50 kwenye nguo ya mtu mzima, wamepima ikiwa imelazwa mezani, basi zidisha mara mbili.

Ukiona 斤, hapo wanapendekeza saizi kwa uzito, na kipimo hicho ni nusu kilo. Kwa hiyo "120斤" ni kilo 60. Mimi safu hiyo naipita tu, maana watu wawili wa kilo 70 hawagawani mwili sawa. Na 均码, saizi moja kwa wote, ichukulie kuwa ni ya mtu mwembamba.

Kama hipsi hazikuandikwa, muulize muuzaji, au mpe wakala wako ujumbe huu abandike:

```
请问XL臀围平铺多少厘米？
```

Unauliza upana wa hipsi za XL ikiwa imelazwa. Jibu lizidishe mara mbili.

Hatua ya 4: Ongeza nafasi, kisha chagua

Kwa kitambaa kisichovutika, ongeza sentimita 6 kwenye kifua na hipsi, na 4 kwenye kiuno, ili mtu aweze kupumua na kukaa. Kitambaa kinachovutika vizuri hakihitaji nyongeza.

Tuchukue dada mwenye kifua 98, kiuno 82 na hipsi 112, ambaye kwenye mitumba huvaa L. Anataka gauni la kunyooka la pamba isiyovutika. Nguo yake inatakiwa iwe na kifua 104, kiuno 86, hipsi 118. Jedwali la muuzaji linasema hivi, kwa mpangilio wa kifua, kiuno na hipsi:

```
L     96   80  102
XL   100   84  106
2XL  104   88  110
3XL  108   92  114
4XL  112   96  118
```

Kifua na kiuno vinasema 2XL. Lakini hipsi za 2XL ni 110, wakati mwili wake peke yake ni 112, haitapita. Anaagiza 4XL, kisha fundi anapunguza sentimita 8 kwenye kifua na 10 kwenye kiuno, akigawa mishono ya pembeni sawasawa na kuishusha taratibu mpaka juu ya hipsi. Gauni likiwa halina mikono, kazi ni ndogo. Likiwa na mikono, mabega yatakuwa yamezidi na mkono utabidi ufumuliwe na kurudishwa upya, kwa hiyo gharama hiyo iingize kwenye bei mapema.

Usiagize ndogo kwa matumaini ya kuipanua. Nguo za kiwandani huachwa kitambaa cha kama sentimita moja tu ndani ya mshono, na hicho hakikupi kitu.

Dada huyohuyo akichagua gauni lenye sketi iliyochanua, hipsi haziulizwi tena, anaagiza 2XL na kuivaa siku ileile. Ndiyo maana kwa wateja wenye hipsi huwa napendekeza mtindo kwanza, saizi baadaye.

Acha pia uwezekano wa kiwanda kukosea sentimita 2 au 3. Wauzaji wengi huandika hivyo chini ya jedwali. Hesabu ikiangukia katikati ya saizi mbili, chukua kubwa.