Kunukuu Sauti kwa Simu Pekee: MB Chache, Umeme wa Kubahatisha

Kazi nyingi za mtandaoni zinakutaka uwe hewani muda wote. Kunukuu mahojiano hakuko hivyo: unapakua rekodi mara moja, unaandika bila intaneti, unarudisha maandishi. Wateja ni watafiti, wanahabari na wanafunzi wenye tasnifu. Tuchukue rekodi ya dakika 60.

1. Patana kwanza. Toza kwa dakika ya sauti, usitoze kwa saa ulizofanya kazi, maana umeme ukikatika mteja hatakuelewa. Omba usikilize dakika tano kabla ya kutaja bei. Watu watatu wanaokatizana huku feni inavuma ni karibu kazi mara mbili. Kwa simu, dakika 60 zilizo safi hula saa sita hadi nane, kwa hiyo ahidi siku mbili. Anayekudai ada ya usajili ndipo akupe kazi, achana naye.

2. Punguza faili. Mwombe mteja sauti tupu, si video. Kwa ubora wa sauti wa kbps 128, saa moja ni kama MB 58; kwa kbps 32 ni kama MB 14, na maneno bado yanasikika vizuri. Atume kama hati kwenye WhatsApp. Zima upakuaji wa kiotomatiki WhatsApp, la sivyo picha za magrupu zitamaliza bando kabla ya kazi kufika.

3. Andaa simu. Washa hali ya ndegeni, punguza mwanga wa skrini. Skrini ndiyo mlaji mkubwa wa chaji. Fungua rekodi kwenye VLC, kasi 0.75, na gawanya skrini ili programu ya kuandikia ikae chini yake. Tumia earphone za waya: hazihitaji kuchajiwa, na kitufe chake kinasimamisha na kuendeleza sauti bila kuiacha programu ya kuandikia. Kibodi iwe ya Kiswahili, ama itakugeuzia maneno kuwa Kiingereza bila wewe kuona. Kwenye kamusi binafsi ya kibodi weka vifupisho vya majina ya wazungumzaji. Utashangaa muda unaookoa.

4. Andika kwa vipande vya dakika kumi. Kila kipande faili lake, limehifadhiwa ndani ya simu. Simu ikizima ghafla, hupotezi zaidi ya kipande unachoandika. Usipoelewa neno baada ya kurudia mara tatu, usibuni:

```
[00:12:40] MHOJI: Mlianza lini?
[00:12:44] MJIBU: Tulianza [haisikiki]
```

Mteja mwenyewe huwa anakumbuka.

Powerbank ya mAh 10,000 haijazi simu ya mAh 5,000 mara mbili. Sehemu hupotea njiani. Ichaji kila umeme unaporudi, hata kama simu imejaa.

5. Pitia, kisha tuma. Sikiliza upya kwa kasi ya kawaida ukifuata maandishi kwa macho. Hapo ndipo utakuta umeandika "hakusema" pale mzungumzaji aliposema "alikuwa amesema". Unganisha vipande viwe hati moja kwa kila nusu. Ni KB chache, hata mtandao dhaifu unaipitisha. Tuma nusu ya kwanza upate malipo ya nusu, kisha iliyobaki. Mteja akishathibitisha, futa rekodi, maana sauti za watu hazikai kwenye simu yako.