Kuku wa kupaka: jogoo wa kienyeji ana njia yake, broila ana yake

Ukimpaka jogoo wa kienyeji viungo na kumweka moja kwa moja juu ya makaa kama unavyomfanya broila, atapendeza kwa macho lakini meno yatamshindwa. Ukimchemsha broila saa nzima kama jogoo, nyama itaachana na mifupa sufuriani na mchuzi wake hautakuwa na ladha ya maana. Mimi hupika kuku wa kupaka wa oda hapa Mombasa, na malalamiko mengi ninayoyasikia yanatokana na kumpika kuku mmoja kwa njia ya mwenzake.

Ugumu unatoka wapi

Jambo la kwanza ni umri. Broila huchinjwa akiwa na wiki 5 hadi 7, bado kifaranga aliyenenepeshwa. Kuku wa kienyeji huchukua miezi 5 au 6 kufikia uzito wa kuliwa, na jogoo unayeuziwa sokoni huenda amepita mwaka. Nyuzi za nyama hushikwa pamoja na utando wa protini iitwayo kolajeni. Kuku akiwa mdogo, kolajeni hiyo ni laini na huyeyuka upesi kwenye moto. Miaka ikisonga, nyuzi zake hufungamana zenyewe kwa zenyewe, na kadiri zinavyofungamana ndivyo zinavyohitaji muda mrefu zaidi kwenye joto hadi zigeuke kuwa jelatini, ule utelezi unaoufanya mchuzi uwe mzito. Halafu kuna kutembea: kuku anayechakura kutwa nzima na kupanda miti jioni hutumia mapaja yake, kwa hiyo nyama ya paja huwa nyeusi na imekaza kuliko ya broila anayeshinda karibu na chombo cha chakula.

Ladha inatoka huko huko. Msuli uliofanya kazi na kuishi muda mrefu umekusanya zaidi vitu vinavyoleta utamu wa nyama, na mafuta ya kuku aliyekula wadudu, majani na nafaka yana harufu ambayo kuku wa wiki 6 hajapata muda wa kuijenga. Kolajeni ikiyeyuka, huushika ule utamu ndani ya mchuzi. Kwa hiyo kinachokutoa jasho jikoni ndicho kinachokupa ladha, mradi ukipe muda.

Hatua ya 1: Jua umenunua kuku gani

Ukienda Kongowea au Marikiti, usitosheke na neno “kienyeji”. Wengi ni kienyeji walioboreshwa, wanaokua upesi kuliko kuku wa kijijini, na hao huiva mapema kidogo. Mtazame miguu: kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, kikiwa kirefu na kigumu ni dalili ya jogoo aliyekula umri, na pora huwa na kijinundu tu. Kisha bonyeza ncha ya nyuma ya mfupa wa kidari. Ikipinda, kuku bado mchanga. Ikiwa ngumu kama mfupa mwingine, jitayarishe kwa muda mrefu.

Akichinjwa, usimpike papo hapo. Misuli hukakamaa baada ya kuchinjwa, na ukiipika wakati huo inabaki ngumu hata kwa kuku mdogo. Mweke kwenye friji saa 6 au hadi kesho yake. Kwa joto la Mombasa, usimwache nje.

Hatua ya 2: Jogoo, chemsha kwanza

Tuseme una jogoo mwenye uzito wa kilo 1.5 baada ya kunyonyolewa na kusafishwa. Mkate vipande 8. Weka kwenye sufuria pamoja na kitunguu thomu na tangawizi zilizotwangwa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, manjano kidogo, na maji yanayofunika nyama kwa kiasi cha kidole. Ngoja yachemke, toa povu, kisha punguza moto mpaka uone viputo vichache tu vikipanda. Funika.

Hapa ndipo watu wanapokosea kwa haraka. Moto mkali hauharakishi sana kazi, kwa sababu kolajeni inahitaji muda. Kinachofanywa na mchemko mkali ni kukaza nyuzi za nyama na kukamua maji yake. Jogoo kama huyu huchukua kati ya saa 1 na dakika 15 hadi saa 2. Mtu anayefuata mwongozo huu Nairobi aongeze muda, maana kule juu maji huchemka kwenye takriban nyuzi 94, wala si 100 kama huku baharini. Ukiwa na presha kuka, dakika 25 hadi 35 zinatosha.

Usiangalie saa peke yake. Choma uma kwenye sehemu nene ya paja: ukiingia na kutoka bila kuvuta nyama, yuko tayari. Ukishikwa, rudisha mfuniko. Papai bichi husaidia, lakini hulainisha nje tu, na ukiliacha muda mrefu nyama ya juu hugeuka rojo wakati ndani bado imeshupaa. Silitumii.

Ile supu usiimwage. Ndiyo utamu wa jogoo.

Hatua ya 3: Tui

Chukua nazi 2. Zikune, mimina kikombe kimoja na nusu cha maji ya vuguvugu, kamua tui zito na uliweke kando. Ongeza maji vikombe 3 ukamue tui la pili. Kwa jogoo, chemsha tui la pili na vikombe 2 vya supu, tungule 2 zilizosagwa, pilipili mbichi na bizari nzima iliyosagwa, mpaka mchuzi upungue kwa nusu. Ndipo utie tui zito, punguza moto, na ukoroge bila kusimama. Tui likichemka kwa nguvu, au likikutana na ndimu likiwa motoni, hukatika na mafuta huelea pembeni. Kwa hiyo ndimu huja mwisho, sufuria ikishatolewa jikoni.

Weka vipande vilivyochemshwa juu ya makaa dakika 3 au 4 kila upande, ukivipaka mchuzi. Vimeshaiva, unatafuta rangi na harufu ya moshi tu. Kisha virudishe kwenye mchuzi.

Hatua ya 4: Broila, choma kwanza

Broila wa uzito huo huo hachemshwi kabisa. Kolajeni yake huyeyuka upesi, na kidari chake hukauka kikizidishiwa moto. Mkate vipande, uvichanje, uvipake thomu, tangawizi, chumvi, manjano na ndimu, uvipumzishe saa moja. Ukivilaza na ndimu usiku kucha, nyama ya juu hugeuka nyeupe na kuwa kavu.

Makaa yawe yamefunikwa na majivu, yasiwe ya mwali. Mapaja huanza, kwa jumla dakika 25 hadi 30 huku ukigeuza. Vidari viingie baadaye, kwa sababu huiva mapema. Ukiwa na kipima joto, ndani pafike nyuzi 74. Usitishwe na wekundu karibu na mfupa: mifupa ya broila bado ina vitundu vidogo, na uboho hupenya na kupaka nyama rangi hata ikiwa imeiva. Penye shaka, joto ndilo litakalokuambia kuliko rangi.

Mchuzi wa broila hauna supu ya kutegemea, kwa hiyo upe nguvu: tui la pili pekee, kitunguu maji kilichokaangwa hadi kahawia, tungule 3 badala ya 2, na bizari zaidi. Tia tui zito mwisho, vitumbukize vipande vilivyochomwa kwa dakika 5, basi. Vikikaa zaidi, kidari kitaanza kuchambuka nyuzi nyuzi na mchuzi hautapata kitu chochote kipya kutoka kwake.