Picha ya kiporo cha wali: jinsi ya kuamua kama kinalika

Swali hili huja asubuhi kwenye grupu la familia. Picha ya sufuria iliyofunuliwa, wali umebaki nusu, na maneno mafupi: "Umelala nje. Tupashe tule na chai?" Wengi wanaojibu huikuza picha wakatafuta ukungu. Wasipouona, wanasema kuleni. Huko ni kuanza na kitu kisicho na jibu.

Hatua ya 1: Uliza saa kabla ya kutazama picha

Uliza maswali matatu tu. Wali uliepuliwa saa ngapi? Baada ya hapo ulikaa wapi: mezani, jikoni, kwenye hotipoti, kwenye friji? Na sasa ni saa ngapi huko?

Usiulize "umekaa muda mrefu?" maana kila mtu ana urefu wake. Shikilia saa ya kuepua, si saa ya kula wala ya kulala. Watu huhesabu tangu walipoenda kulala, na hapo huwa wamepunguza masaa mawili au matatu bila kujua.

Saa inayoonekana kwenye WhatsApp ni ya kutumwa. Picha inaweza kuwa ilipigwa mapema zaidi, na ikishapita WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa za lini ilipigwa huondolewa. Kwa hiyo muulize mtumaji mwenyewe.

Hatua ya 2: Itumie picha kukataa, kamwe usiitumie kukubali

Picha inaweza kukuonyesha utelezi unaong'aa juu ya punje, nyuzi zinazovutika mwiko ukiinuliwa, madoa ya ukungu, au povu kwenye wali wa nazi. Ukiona kimojawapo, umemaliza: umwagwe.

Tazama pia kina. Pima kwa kijiko au mwiko uliochomekwa. Wali uliojaa kwenye sufuria nene hupoa polepole sana katikati, hata kama wa juu umeshakuwa baridi. Matone ya maji chini ya mfuniko yanakuambia ulifunikwa ukiwa wa moto, ukabaki na unyevu na uvuguvugu.

Lakini wali mweupe, mkavu, punje moja moja, haukuambii kitu. Wali wa nazi una nafuu moja: nazi huchacha mapema, na pua inakuonya. Wali mweupe wa mafuta na chumvi unaweza kulala usiku kucha ukaamka na sura ileile na harufu ileile, ilhali sumu imeshaingia. Kwa bahati mbaya ndio huo watu wanaouamini zaidi.

Hatua ya 3: Elewa kwa nini kupasha moto hakuokoi

Hapa ndipo ubishi wote hutokea, na ni lazima uweze kulieleza jambo hili kwa subira.

Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Anaishi kwenye udongo, kwa hiyo huja na mchele kutoka shambani. Mchele ukichemka, bakteria wenyewe hufa, lakini mbegu zake zenye ganda gumu hustahimili moto. Zinabaki ndani ya wali zikingoja joto lishuke. Kati ya nyuzi 60 na nyuzi 5 ndipo hatari ilipo, na usiku wa pwani yetu, Tanga au Bagamoyo, huwa na nyuzi 20 na kitu karibu mwaka mzima. Mbegu huota, bakteria huzaana, na baadhi ya aina zake hutoa sumu ya kutapisha humohumo ndani ya wali.

Ukiupasha asubuhi unaua bakteria. Sumu inabaki. Sumu hii hustahimili zaidi ya saa nzima kwenye nyuzi 120, na maji ya sufuria yako huchemka kwa nyuzi 100. Kukaanga na kitunguu, kuongeza tui, kukamulia ndimu, kuupika tena uwe uji: hakuna hata kimoja kinachoiondoa. Haina rangi, haina harufu, kwa hiyo kuonja kijiko kimoja "kujaribu" ni kuila tu.

Utaambiwa: "Sisi tumekula viporo tangu utotoni." Ni kweli, na usiwabishie. Si kila sufuria ina aina ya bakteria wanaotoa sumu hiyo, wala si kila usiku sumu hufika kiwango cha kudhuru. Shida ni kwamba sufuria yenye sumu na isiyo nayo zinafanana kabisa kwenye picha, na hata ukizishika mkononi.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Tuseme picha imetumwa kutoka Chumbageni, Tanga, saa 12:40 asubuhi. Wali mweupe, nusu sufuria, kina kama cha kidole cha kati, mfuniko una matone, hakuna utelezi. Majibu: uliepuliwa saa 1:30 usiku, ukapaliwa moto, ukapakuliwa saa 2:00, kisha ukaachwa jikoni.

Kutoka saa 1:30 usiku hadi 12:40 asubuhi ni masaa 11 na dakika 10. Makaa ya kupalia hayamsaidii mtumaji, kwa sababu yalizimika mapema na yaliyobaki ni majivu ya vuguvugu. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa 2. Hata ukitoa masaa yote ambayo sufuria ilikuwa bado ya moto, huu umepita mbali. Jibu: msile, na mtoto asipewe.

Hotipoti haibadilishi jibu. Kufikia alfajiri imeshuka hadi uvuguvugu ambao bakteria wanaupenda, na kwa kulaza wali mimi siiamini hata ikiwa mpya. Jiko la umeme la wali lililoachwa kwenye kuhifadhi joto ni tofauti, kwa kuwa mengi hushikilia juu ya nyuzi 60. Hapo uliza kama umeme ulikatika au LUKU iliisha usiku. Kama hawana uhakika, hesabu kwamba ulikatika.

Hatua ya 5: Wakijibu "tumeshakula"

Kutapika huanza kati ya nusu saa na masaa 6; kuharisha, masaa 6 hadi 15. Mara nyingi huisha ndani ya siku moja. Wasijitapishe, wala wasikimbilie antibayotiki, kwani haziondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Wanywe ORS kidogo kidogo, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Waende kituo cha afya mapema akiwa ni mtoto mdogo, mjamzito au mzee, na yeyote anayeshindwa kubakiza maji, anayelegea au kusinzia, mwenye damu kwenye choo au macho ya manjano.

Hatua ya 6: Wali wa leo usiku

Unaobaki utandaze kwenye sinia pana, tabaka jembamba, ufunikwe kwa kawa wakati unapoa. Bakuli la kina halifai. Ndani ya saa moja uingie kwenye friji iliyo chini ya nyuzi 5, na uliwe kesho yake, ukiwa umepashwa mara moja tu hadi wote utoe mvuke mpaka katikati. Nyumba isiyo na friji ipime mchele kwa vichwa vilivyopo, na ukibaki ugawiwe majirani usiku uleule ukiwa bado wa moto.