Somo: Kuivisha samadi ya kuku ukiwa na baba mbishi

Wakuu, kila wiki napokea swali lile lile: "Ulimwambiaje mzee akakubali?" Naandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili.

Baba analima mchicha Bunju tangu sijazaliwa. Samadi ya kuku wa nyama ikishushwa asubuhi, jioni iko kwenye matuta. Miche inaota kwa mapengo, mingine inaungua ncha, naye analaumu jua. Nilirudi likizo kutoka SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, mwaka wa pili, nikijua tatizo si jua.

1. Omba tuta moja. Mimi nilianza kwa kumwambia "Baba unakosea" mbele ya vibarua. Hakunisemesha mpaka usiku. Kesho yake nikamwamkia, nikamwomba tuta la mwisho tu, nikiharibu nalipa mbegu. "Marahaba. Chukua, lile halina faida hata kwangu."

2. Kusanya viroba vinne vya samadi na vinane vya majani makavu.

3. Panga tabaka kwa tabaka, nyunyiza maji, lundo lifike kiunoni na upana wa hatua moja na nusu. Lundo dogo halishiki joto.

Hapa kwenye maji ndipo nilipoaibika. Nilimwaga keni baada ya keni, kisha nikafunika kwa turubai na kukandamiza kwa mawe. Siku ya sita lundo lilikuwa baridi, limeshikana kama ugali, linanuka mayai viza. Jirani akaja kuuliza kama kuna choo kimefurika. Baba hakusema kitu, alipita tu akiwa ameziba pua kwa kofia. Sababu ni kwamba vijidudu vinavyoivisha samadi vinahitaji hewa, na maji yakijaza nafasi zote hewa haipiti. Kabla ya kufunika, chukua konzi ukamue kwa nguvu: yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika, ongeza majani makavu. Yasipotoka kabisa, nyunyiza. Na turubai iwe ya kuzuia mvua tu, pembeni pawe wazi. Lundo langu nililitandaza siku mbili, nikachanganya majani mengine, nikalipanga upya.

4. Chomeka nondo katikati. Siku ya tatu au ya nne, ukiichomoa baada ya dakika tano, usiweze kuishika. Geuza kila baada ya siku tano hivi, ya nje yaingie ndani. Lundo likigeuzwa lisipate tena moto, liache litulie. Langu lilichukua wiki saba.

5. Jaribu kwenye makopo. Hapa ndipo mzee alipoanza kulegea. Kopo moja udongo na samadi yake mbichi, la pili udongo na samadi yangu, mbegu hamsini kila moja, na baba mwenyewe ndiye aliyezihesabu. Siku ya tano aliniita: "Njoo uone makopo yako." Langu lilikuwa limejaa. La kwake miche iliota mmoja mmoja.

6. Sia kwenye tuta, kando ya tuta lake la kawaida. Wiki mbili za mwanzo mchicha wangu ulikuwa na rangi hafifu kuliko wake, akanicheka sana. Samadi iliyoiva hutoa chakula polepole. Wakati wa kung'oa nilikuwa nimeshapanda basi la Morogoro. Mama akanitumia picha: tuta langu halina pengo hata moja. Baba anasema ni kwa sababu lipo kivulini.

MASWALI

— Nikitumia mbichi ila kidogo?
Soma hatua ya tano.

— Dada, mimi sina wiki saba. Kuna dawa ya kuharakisha?
Hakuna niliyoijaribu. Kama huna muda, nunua iliyoiva, uipime kwa kopo kwanza.

— Samahani, kwa nini hasa mbichi inaunguza? Mbona ng'ombe haina shida hiyo sana?
Swali zuri. Ya kuku ina naitrojeni nyingi, maana mkojo na kinyesi vinatoka pamoja. Ikilowa inatoa amonia, ile harufu inayochoma macho bandani, na mizizi michanga haiiwezi. Chumvi zake nazo huunyang'anya mche maji. Ukitaka kujua kama imeiva, jaza kwenye ndoo yenye mfuniko, ifunge siku tatu, kisha funua unuse. Ikichoma pua, bado.

— Mimi naiweka mbichi juu ya majani wiki ya pili, inastawi vizuri tu.
Usifanye hivyo kwa mboga ya majani. Kinyesi cha kuku kinaweza kuwa na vimelea vya kuhara, na kuosha hakuondoi vyote.

— Mbegu za mchicha ni ndogo mno, zinarundikana sehemu moja.
Changanya na mchanga mkavu, kifuniko kimoja cha soda cha mbegu kwa vikombe viwili vya mchanga, utawanye mara mbili, kwa urefu kisha kwa upana. Hiyo alinifundisha baba.

— Sasa mzee amebadilika?
Juzi amepiga simu kuuliza nondo niliiweka wapi.