Kufunga mshipi kwenye dera: kiuno kionekane bila kubana kiwiliwili

Dera likifungwa mshipi hivi hivi, kitambaa chote cha ziada hukimbilia ubavuni, chini ya kwapa. Pale ndipo jicho linaposoma umbo la kiuno, kwa hiyo ukikaza zaidi unazidi kuonekana mpana. Dawa ni kuugawa upana wa dera kwa ndani kwanza, kwa marinda na lastiki, halafu mshipi uje juu kufunika tu. Mshipi usipewe kazi ya kubana.

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho: kiuno sentimita 84, na dera lenye sentimita 70 mbele na 70 nyuma, kutoka mshono wa ubavu hadi mshono wa ubavu. Tunataka mzunguko wa 90, yaani kiuno pamoja na sentimita 6 za kupumulia. Kwa hiyo sentimita 50 zinapaswa kuingia kwenye marinda: 20 mbele na 30 nyuma. Kama dera ni la pamba na ni jipya, lifue kabla ya kupima, maana pamba hurudi.

Hatua ya 1: Tafuta mstari wa kiuno ukiwa umelivaa

Usipime dera likiwa mezani. Mabega ya dera huteleza, na kipimo cha mezani hakikai mwilini. Mwenye dera alivae pamoja na sidiria na viatu atakavyotumia, kisha afungwe lastiki nyembamba kiunoni juu ya dera. Ainamie kulia na kushoto. Lastiki itatulia yenyewe pale mwili unapokunjika. Hapo ndipo kiuno.

Sasa vuta kitambaa juu ya lastiki, sentimita 3 kuzunguka mwili mzima, kiwe kimelegea kidogo. Mkono wa dera umekatwa pamoja na mwili wake, hivyo akiinua mikono huvuta kila kitu juu. Mwambie anyanyue mikono mara mbili tatu. Lastiki ikipanda, ongeza sentimita 1 ya ulegevu ujaribu tena. Ikitulia, weka alama ya chaki chini ya lastiki katikati ya mbele, katikati ya nyuma na kwenye mbavu zote mbili.

Akishavua utaona alama ya mbele iko chini kuliko za mbavuni, pengine sentimita 2 au 3, kwa sababu kifua kimekula urefu. Mafundi wengi hapa huchukua rula na kunyoosha mstari. Usifanye hivyo. Unganisha alama kwa mstari wa kupinda taratibu. Mstari ulionyooshwa ndio unaofanya mshipi upande mbele na pindo la mbele libaki juu kuliko la nyuma.

Hatua ya 2: Marinda ya mbele

Kutoka katikati ya mbele, hesabu sentimita 6 kila upande na uziache bapa, ili tumbo lisiongezewe unene. Baada ya hapo pima sentimita 20 kila upande. Hizi ndizo za kukusanya. Zitabaki sentimita 9 hadi mshono wa ubavu, nazo pia ziachwe bapa. Hizo 9 zilizo bapa ndizo zinazouonyesha mwingilio wa kiuno, hivyo usikubali rinda hata moja liingie humo.

Kwenye kila eneo la sentimita 20, shona mistari miwili ya mshono mrefu wa milimita 4 au 5, mmoja juu na mwingine chini ya chaki, ikiachana milimita 6. Vuta nyuzi za chini mpaka 20 iwe 10. Sambaza marinda kwa ncha ya sindano, weka kwa ndani utepe wa pamba wa sentimita 11, kisha shona juu yake kwa mshono wa kawaida. Utepe huzuia marinda yasifunguke. Mbele sasa ina sentimita 50.

Hatua ya 3: Lastiki ya nyuma

Nyuma acha sentimita 7 bapa kila upande. Kwenye 56 zilizobaki katikati, shonea kwa ndani ukanda mwembamba wa kitambaa, uwe njia ya lastiki ya upana wa sentimita 2. Kata lastiki sentimita 28, ipitishe, kisha ishone ncha zote mbili, sentimita 1 kila upande. Nyuma itakusanyika hadi 40, na mzunguko wote utakuwa 90.

Sababu ya lastiki kuwekwa nyuma ni kuvaa. Dera hupitia kichwani, na kiuno kilichoshonwa kigumu pande zote kinaweza kukwama mabegani au kifuani. Hapa nyuma inaweza kufunguka tena hadi 70, jumla 120. Linganisha na sehemu pana zaidi ya kifua na mabega kabla ya kukata uzi.

Hatua ya 4: Mshipi

Upana wake utokane na kiwiliwili. Pima kutoka chini ya matiti hadi kiunoni: ikiwa haifiki sentimita 8, mshipi wa sentimita 3 unatosha, la sivyo utajaza nafasi yote na kifua kitaonekana kimekaa juu ya tumbo. Kwa kiwiliwili kirefu zaidi, sentimita 5. Ukizidi 6, ukanda ulionyooka hauwezi kukaa vizuri, maana mwili hutanuka kuelekea nyonga. Ukingo wa chini hukaba na wa juu huachia.

Kwa mshipi wa sentimita 5 uliokamilika, kata vipande viwili vya 104 kwa 12, kwa kufuata urefu wa kitambaa ili usivutike. Viunge, ufungue mshono kwa pasi, kisha bandika kitambaa cha gundi kwenye sentimita 80 za katikati, upana wa 5 tu. Bila hicho, kitambaa laini hujikunja kikawa kama kamba baada ya saa moja. Ncha ziache laini zianguke. Kunja, shona, geuza, piga pasi. Utapata urefu wa 204, unaoacha ncha za karibu sentimita 50 baada ya fundo.

Shona vitanzi viwili vyenye urefu wa sentimita 6, sentimita 1 nyuma ya kila mshono wa ubavu, nusu juu ya mstari na nusu chini. Kiungo cha mshipi kikae ubavu wa kulia chini ya kitanzi, na fundo lije mbele upande wa kushoto, lisikae juu ya kitovu. Vidole viwili viingie bila kusukuma.

Kama bado halikai

Mikunjo ya mshazari kutoka kifuani kwenda ubavuni inaonyesha ulegevu wa juu haujatosha. Mfuko wa kitambaa mgongoni unaonyesha umezidi. Punguza ulegevu huo kwa sentimita 1 nyuma tu, mbele usiguse. Mshipi unaopanda akitembea umewekwa chini mno, kwenye mwanzo wa nyonga, nao unatafuta sehemu nyembamba.

Kitenge kizito chenye wanga, au bazini, hakifai kwa marinda haya kwa sababu yatasimama. Tumia vipimo vilevile, lakini badala ya kukusanya, kunja mikunjo bapa inayotazama mbavuni na uishone sentimita 4 juu na 4 chini ya mstari. Nyuma lastiki ibaki.

Pindo likate mwisho kabisa, mshipi ukiwa umefungwa, kwa kupima kutoka sakafuni.