Betri ikikaa katikati ya nodi mbili, zizungushie duara moja

Jana jioni hapa Shangani, Mtwara, dogo mmoja aliniletea daftari: anatafuta volti za nodi za sakiti, amekwama kwenye betri ya volti 3 iliyounga nodi A na nodi B moja kwa moja, bila hata moja kugusa nodi ya rejea. Alikuwa anatafuta ukinzani wa betri ili agawanye volti apate mkondo wake. Haupo. Mkondo wa betri bora hauamuliwi na volti zake, kwa hiyo usiuandike kabisa. Chora duara linalomeza A, B na betri, kisha jumlisha mikondo inayokatiza duara tu. Ule wa betri unabaki ndani.

Kwake, chanzo cha mkondo kinaingiza ampea 3 kwenye A. Kutoka A kwenda rejea kuna omu 2, kutoka B kuna omu 4, na chanya ya betri iko A:

```
VA/2 + VB/4 = 3
VA - VB = 3
```

Jibu: VA ni volti 5, VB volti 2. Hakiki: ampea 2.5 na 0.5 zinatimia 3. Hiyo 0.5 ndiyo inayopita kwenye betri, tena inaingilia chanya, yaani betri inachajiwa!

Wengi huharibu kwa kugeuza alama ya mlinganyo wa pili. Rezista iliyo sambamba na betri nayo usiijumlishe, imo ndani ya duara. Upande mmoja wa betri ukigusa rejea, achana na duara: volti ya nodi ile unayo tayari.